Picha ya bibi imejaa vigae na ukungu: kutafuta chanzo na kuirekebisha kabla ya kuichapisha

Dada mmoja aliingia dukani kwetu na simu mkononi. Alitaka picha ya marehemu bibi yake ichapishwe A3 na kuwekwa kwenye fremu, kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Kwenye simu picha haikuwa na neno: bibi amekaa barazani, kanga begani, anatabasamu kidogo. Nilipoifungua kwenye kompyuta na kuivuta karibu, shavu lake lilionekana kama sakafu ya vigae. Kando ya midomo palikuwa na mabaka ya kijani na zambarau, na macho yamefunikwa na ukungu.

"Kaka, mbona kwenye simu haiko hivi?"

Iko hivi hivi. Kioo cha simu ni kidogo, na picha ikiwa ndogo macho yetu hujaza yasiyokuwepo. Ikikuzwa kufikia ukubwa wa ukuta, kila kosa hujitokeza.

Picha za namna hii huletwa karibu kila wiki, nyingi zikiwa za wazee ambao hawawezi kupigwa picha nyingine. Zimetumwa kwenye kundi la familia, mmoja akaipiga skrinshoti, mwingine akaiweka kwenye stetasi, mwingine akaichukua huko na kuituma tena. Kila kituo kimeibana upya, yaani kimefuta sehemu ya taarifa zake ili faili liwe jepesi. Kinachowaponza wengi ni hatua ya kwanza wanayochukua: wanaona ukungu, wanabonyeza kitufe cha kuongeza ukali. Ukali huongeza tofauti kati ya pikseli moja na jirani yake, na katika picha iliyobanwa sana tofauti iliyo wazi kuliko zote ni mstari kati ya kigae na kigae. Macho hayarudi, vigae ndivyo vinavyonawiri. Kwa hiyo kazi hii ina mpangilio wake: kwanza unatambua uharibifu umetoka wapi, pili unatafuta nakala iliyoumia kidogo zaidi, tatu unaondoa vigae, na ukali unakuja mwisho kabisa.

Vigae vimetoka wapi, na namna ya kuvihesabu

JPEG, namna ya kubana picha inayotumiwa na simu nyingi, huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8. Kila kipande huandikwa peke yake bila kumwangalia jirani: kwanza wastani wa mwanga wake, kisha mabadiliko yaliyomo ndani yake, kuanzia yale mapana hadi yale madogo madogo. Ili faili liwe jepesi, namba hizo hukadiriwa. Mabadiliko madogo mengi huandikwa sifuri, yaani hufutwa. Kipande kikifutwa mabadiliko yote hubaki na rangi moja tu, na hapo ndipo kigae kinapozaliwa.

Ngozi nyeusi kwenye kivuli huumia mapema. Kwenye upande wa shavu usiopata jua, mwanga hubadilika polepole sana kutoka pikseli hadi pikseli. Mabadiliko hayo ni namba ndogo, na namba ndogo ndizo zinazokatwa. Kanga yenye maua makubwa katika picha hiyo hiyo inaweza kubaki nzuri huku shavu la mwenye kanga likiwa limekwisha.

Fungua picha kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ivute hadi asilimia 800, uende penye kivuli cha shavu. Hesabu pikseli kutoka mstari mmoja wa kigae hadi mwingine. Ukichoka kuhesabu, nenda Image > Configure Grid, weka 8 kwa 8, kisha View > Show Grid. Mistari ya gridi ikilalia mistari ya vigae, ujue picha ilibanwa ikiwa katika ukubwa huu huu, na haijakatwa wala kukuzwa baada ya hapo. Hiyo ndiyo hali nyepesi ya kutibu.

Vigae vikiwa vya pikseli 12, picha ilikuzwa mara moja na nusu baada ya kubanwa. Vikiwa vya 6, ilipunguzwa hadi robo tatu. Na ukiona vya 8 na vya 6 vimelaliana, mpangilio mzima ukijirudia kila baada ya pikseli 24, basi ilibanwa, ikapunguzwa, ikabanwa tena. Ndivyo ilivyokuwa picha ya bibi. Faili alilonipa yule dada lilikuwa na pikseli 720 kwa 1600, ukubwa wa kioo cha simu nyingi za bei ya chini, na juu na chini ya picha palikuwa na utepe mweusi. Skrinshoti. Picha yenyewe katikati ilikuwa 720 kwa 960.

Sasa piga hesabu kinyumenyume. Vigae vya zamani vina pikseli 6, na vilizaliwa vikiwa 8. Basi picha ilipunguzwa kwa 6 gawanya kwa 8, yaani 0.75. Gawanya 720 kwa 0.75 upate 960. Gawanya 960 kwa 0.75 upate 1280. Mzazi wa skrinshoti hii alikuwa na pikseli 960 kwa 1280. Bado sijagusa picha, lakini tayari najua tunatafuta faili la ukubwa gani kwenye simu za wanafamilia.

Kutafuta nakala iliyotangulia

Nusu saa ya kupiga simu huokoa picha kuliko siku nzima ya kukaa na GIMP, kwa sababu kilichokwisha kukadiriwa hadi sifuri hakirudishwi na programu yoyote. Nilimwomba yule dada asiulize tu "nani ana picha ya bibi", maana atatumiwa skrinshoti nyingine kumi. Aulize ni nani aliyeipiga, na ni nani aliyeipokea kwanza.

Jina la faili husaidia. Kwenye Android, picha zilizopokelewa kwa WhatsApp huhifadhiwa kwa majina kama `IMG-20180617-WA0004.jpg`. Tarehe iliyo ndani ya jina ni ya siku ambayo simu hiyo iliipokea, wala si siku ya kupigwa. Ukipata nakala tatu, yenye tarehe ya zamani zaidi kwa kawaida iko karibu na chanzo. Jina linaloanza na `Screenshot` linajieleza lenyewe. Ukimpata mpiga picha mwenyewe, mwambie aangalie `DCIM/Camera`, na kama alibadilisha simu, kadi ya memori ya zamani. Folda ya `Sent` ya WhatsApp haina picha asilia. Ina nakala iliyokwisha kubanwa kwa ajili ya kutumwa, ingawa hata hiyo ni bora kuliko iliyozunguka.

Mwenye nakala aitume kama dokyumenti: abonyeze alama ya kuambatisha, achague Document, kisha atafute faili. Hapo hubebwa lilivyo. Akiituma kama picha ya kawaida itabanwa tena, na picha za kawaida ninazopokea nyingi zina upande mrefu wa pikseli 1600 au 1280. Chaguo la HD linaacha pikseli nyingi zaidi, ila nalo linabana, kwa hiyo kwa kazi ya kurekebisha halitoshi.

Shangazi mmoja aliyeko Korogwe alikuwa nayo. Faili lilikuwa `IMG-20180617-WA0004.jpg`, pikseli 960 kwa 1280, sawasawa na hesabu. Ya kamera yenyewe haikupatikana, simu iliyoipiga iliibiwa zamani. Hata nakala ya shangazi ilikuwa imepita mikono miwili mitatu kabla ya kumfikia, na vigae vilikuwemo, ila ni vya tabaka moja na vimelalia gridi ya 8.

Ukipata nakala mbili na hujui iliyo bora, usihukumu kwa uzito wa faili wala kwa makadirio ya ubora. Mimi huendesha amri hii ya ImageMagick, programu ya picha inayotumiwa kwa kuandika amri, kupata ukubwa na makadirio ya ubora:

```
magick identify -format "%f %w %h %Q\n" *.jpg
```

Kwa picha za bibi ilinijibu hivi:

```
bibi-shangazi.jpg 960 1280 72
bibi-skrini.jpg 720 1600 80
```

Namba ya mwisho ni ya ubora, na skrinshoti ndiyo iliyopata kubwa. Hiyo ni kwa sababu namba hupima mbano wa mwisho peke yake. Picha iliyoharibiwa vibaya jana ikihifadhiwa leo kwa upole, itapewa alama nzuri. Hukumu kwa macho, kwenye kivuli cha shavu, kwa asilimia 800.

Dalili: vigae vimetulia kwenye gridi ya 8

Hapa kuna dawa ambayo lazima itangulie kila kitu, hata kabla ya kukata pembe za picha. JPEG iliyobanwa hubeba ndani yake jedwali la makadirio, yaani kila namba ilikadiriwa kwa hatua ya ukubwa gani. Tuseme hatua ni 20 na faili linasema 40. Namba halisi ilikuwa popote kati ya 30 na 50. Programu ya kawaida ya kufungua picha huchukua 40 bila kuuliza. Programu ya bure iitwayo JPEG Quant Smooth hutafuta, ndani ya mipaka hiyo hiyo, thamani inayofanya kigae kiungane vizuri na majirani zake. Haibuni kitu kinachopingana na faili, na ndiyo maana naiamini kwa nyuso za watu.

```
jpegqs bibi-shangazi.jpg bibi-1.jpg
```

Sharti lake ni faili liwe lile lile lililotoka kwenye mbano. Ukilifungua kwanza, ukalikata na kulihifadhi upya, jedwali linakuwa la uhifadhi wako na gridi inaweza kuwa imesogea, kwa hiyo programu haina tena cha kushika. Kwa sababu hiyo hiyo haisaidii sana kwenye skrinshoti: jedwali inalolisoma ni la mbano wa mwisho, na vigae vya zamani inaviona kama sehemu ya picha.

Kwa bibi, hatua hii peke yake ilimaliza karibu vigae vyote vya ukuta wa nyuma na sehemu kubwa ya paji la uso. Kwenye kivuli cha shavu vilibaki, hafifu. Hapo ndipo mkono unaingia.

Fungua faili lililotoka kwenye GIMP, na jambo la kwanza liwe Image > Precision > 16 bit integer. Ukilainisha shavu la giza katika biti 8, hakuna ngazi za kutosha kati ya rangi moja na nyingine. Utaondoa vigae na kuleta michirizi kama mistari ya ramani ya milima.

Dalili: mabaka ya kijani au zambarau kwenye ngozi

Huu ni ugonjwa wa rangi, wala si wa mwanga, na hutibiwa peke yake. Mara nyingi JPEG hupunguza rangi hadi nusu kwa upana na nusu kwa urefu kabla ya kuibana, kwa sababu macho hayaoni rangi kwa undani kama yanavyoona mwanga. Matokeo yake ni kwamba kigae cha rangi hufunika pikseli 16 kwa 16 za picha. Ukipima baka kwenye shavu na kukuta upana wa 16, umepata jibu.

Rudufu safu ya picha. Ile ya juu ipe Gaussian Blur ya saizi 8 hadi 10, kisha badilisha hali yake iwe LCh Color. Katika hali hiyo safu ya juu inatoa rangi tu, na mwanga wote, pamoja na mikunjo, kope na weupe wa macho, unatoka safu ya chini. Utashangaa jinsi unavyoweza kuvuruga rangi kwa kiasi kikubwa bila uso kupoteza umbo.

Angalia midomo na mpaka wa kanga. Rangi iliyolainishwa huvuja: wekundu wa kanga ya bibi ulipanda shingoni kama upele. Weka barakoa nyeupe kwenye safu hiyo, Layer > Mask > Add Layer Mask, kisha paka nyeusi kwa brashi laini kwenye midomo, kwenye macho na kando ya nguo, ili safu ifichike hapo. Ikiwa mabaka yanabaki hata baada ya saizi 10, chagua rangi ya ngozi kutoka paji la uso lililosalimika, uipake juu ya baka kwenye safu mpya ya LCh Color, kwa opasiti ya chini ya 30. Chukua rangi ya mtu mwenyewe, sehemu yenye kivuli kinachofanana. Nimeona wazee wakirudishwa nyumbani weupe kuliko walivyozaliwa kwa sababu fundi alichukua rangi penye mng'ao wa jua.

Dalili: shavu bado lina ngazi ngazi

Baada ya rangi, unarudi kwenye mwanga. Tengeneza safu mpya kwa Layer > New from Visible, kisha Filters > Blur > Selective Gaussian Blur. Kichujio hiki hulainisha pale tu ambapo tofauti kati ya pikseli ni ndogo kuliko kikomo ulichoweka, kwa hiyo ukingo wa pua na kope huachwa. Naanza na Blur radius 6 na Max. delta 0.05. Kisha naweka barakoa nyeusi inayoficha safu nzima, na kwa brashi nyeupe nafunua shavu, paji na shingo tu.

Max. delta ndiyo roho ya kazi hii. Ikiwa ndogo mno, vigae vinabaki na kingo zao zimelainika kidogo, na ukikaa mbali na kioo bado unaviona. Ikiwa kubwa mno, mstari unaotoka pembe ya pua kuelekea mdomoni unapotea, na bibi wa miaka themanini anakuwa mdoli wa plastiki. Pandisha kwa hatua ya 0.01 huku ukitazama mstari huo. Ukianza kufifia, rudi hatua moja na uridhike.

Jambo moja lisifanywe mapema: kung'arisha uso. Familia nyingi huomba uso uwe na mwanga zaidi, na ombi lao ni la haki kwa sababu kamera za simu huwatia watu weusi gizani. Lakini Curves, kifaa cha GIMP cha kupandisha na kushusha mwanga, ikitangulia, ngazi ya pikseli iliyokuwa chini ya kikomo inaweza kukivuka, na kichujio kinaiona kama ukingo wa kweli. Lainisha kwanza, ng'arisha baadaye, ukiwa bado kwenye biti 16.

Dalili: vumbi linalozunguka nywele, hereni na maandishi ya kanga

Kando ya kila ukingo mkali utaona vidoti na mawimbi madogo, kama nzi wanaozunguka taa. Ukingo mkali unahitaji mabadiliko madogo mengi ili uandikwe sawasawa. Mengine yakifutwa, yaliyobaki yanatapakaa ndani ya kipande kizima cha 8 kwa 8. Ndiyo maana vumbi hilo halivuki pikseli chache kutoka kwenye ukingo.

Penye ukuta tupu au anga, paka tu rangi ya jirani kwa Clone, au tumia safu ile ile ya kulainisha kwa kuifunua hadi karibu na ukingo. Penye nywele na maandishi ya kanga mimi huacha. Vumbi juu ya kitu chenye michoro halionekani likichapishwa, na muda wake bora uende machoni.

Dalili: ukungu, na ukungu si mmoja

Tazama kitu kidogo chenye mng'ao: nukta ya mwanga ndani ya jicho, au hereni. Ikiwa nukta imevutika kuwa mstari, na kila nukta kwenye picha imevutika upande huo huo, mkono wa mpiga picha ulitikisika. Ikiwa imekuwa duara pana, fokasi ilikosea. Ikiwa maandishi ya kanga yanasomeka wakati uso una ukungu, kamera ililenga kanga. Na ikiwa nyusi ni kali lakini mashavu hayana hata kitundu cha ngozi, simu ilikuwa kwenye hali ya kurembesha na ngozi ilifutwa siku ile ile ya kupiga. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoletwa na kubanwa, na kutafuta nakala ya zamani kutakupa ukungu ule ule, japo bila vigae.

Ukungu wa kupunguzwa na kubanwa una sura yake: nukta ya jicho imekuwa kijimraba cha kijivu, na kila kitu kwenye picha kimelegea kwa kiasi sawa, pamoja na ukingo wa mlango nyuma. Huu ndio unaoitikia dawa, kwa kiasi. Kwanza ikuze picha mara mbili kwa Image > Scale Image, ukichagua NoHalo au LoHalo. Kisha tengeneza safu mpya kutoka inayoonekana, uipe Sharpen (Unsharp Mask) ya Radius 1.5 na Amount 0.5, na kwa barakoa nyeusi ufunue sehemu chache tu: mboni na kope, mstari kati ya midomo, ukingo wa chini wa pua, nyusi, na maandishi ya kanga. Mashavu yasiguswe. Mtu anayetazama picha hutua machoni kwanza. Macho yakiwa na ukali, ubongo husamehe ulaini wa ngozi.

Kwa bibi, kutoka mboni hadi mboni kulikuwa na pikseli 60 hivi kabla ya kukuza. Kwa kipimo hicho jicho zima lina upana wa pikseli 30 hivi, na kope moja moja hazimo kwenye faili. Sikuzichora. Nilifanya weusi wa ukingo wa juu wa jicho uwe wazi, nikaongeza mng'ao kidogo kwenye nukta ya mwanga iliyokuwepo, basi. Kope nilizobuni mimi zingekuwa za mwanamke mwingine, na mjukuu aliyelelewa na uso huo angejua mara moja hata kama asingeweza kueleza kilichobadilika.

Dalili: imesafishika lakini inaonekana ya bandia

Hii hutokea mwisho, na watu wengi hudhani wamelainisha kupita kiasi. Mara nyingi tatizo ni kwamba shavu halina chembe hata moja wakati kanga na ukuta bado zina chembe zao. Rudisha chembe. Tengeneza safu mpya yenye rangi `808080`, hali yake iwe Grain merge, kisha Filters > Noise > RGB Noise. Ondoa alama kwenye Independent RGB ili chembe ziwe za kijivu badala ya rangi rangi. Weka kiasi kidogo, uzilainishe kwa Gaussian Blur ya 0.7, na punguza opasiti hadi uone kwamba ukiizima safu hiyo uso unakuwa mtupu, na ukiiwasha chembe zenyewe hazivuti jicho. Chembe hizi pia hufunika ngazi za mwisho zilizobaki kwenye kivuli.

Saizi ya kuchapisha

Yule dada alitaka A3, tena akitaka uso tu, uliokatwa mabegani. Nilimfungulia hesabu. Picha nzima ina upana wa pikseli 960. Kwa kipimo cha pikseli 150 kwa inchi, ambacho kwa uso unaotazamwa ukutani kinatosha, hiyo ni sentimita 16 kwa takriban 21 na nusu. Kuikuza mara mbili kwenye GIMP hakuongezi taarifa, kunazuia tu printa isionyeshe pikseli kama ngazi. Tukikata uso na mabega tunabaki na upana wa pikseli 600 hivi, na kwenye A3 hizo ni pikseli 51 tu kwa inchi. Kazi yote ya vigae ingekuwa bure.

"Sasa tufanyeje?"

Tulichapisha picha nzima, na baraza lake, sentimita 16 kwa 21 na nusu katikati ya karatasi ya A4, pambizo nyeupe pande zote, kwenye karatasi isiyong'aa. Karatasi ya kung'aa huonyesha kila ngazi ya kivuli mara taa ya sebuleni inapoipiga. Kabla ya hapo nilichapisha kipande cha uso peke yake, kwa saizi ile ile ya mwisho, nikakitazama mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Kwenye kioo shavu lilikuwa sawa; kwenye karatasi upande wa kushoto ulizama gizani, kwa sababu printa yetu hufunga vivuli. Nilipandisha vivuli kidogo kwa Curves, nikachapisha kipande cha pili, ndipo nikaweka karatasi kubwa.

Faili la kazi nililihifadhi kama XCF, na la kuchapisha kama PNG, maana JPEG ingeanza kuchora vigae vipya. Yule dada aliondoka na fremu pamoja na mafaili mawili, la shangazi lilivyokuwa na lililorekebishwa, yote nikiwa nimemtumia kama dokyumenti, huku yakiwa na majina yanayoeleweka: `bibi-2018-nakala-ya-shangazi.jpg` na `bibi-2018-ya-kuchapisha.png`. Kabla hajatoka nilimwomba afute skrinshoti kwenye simu yake, ili ndugu mwingine akiomba picha ya bibi asitumiwe ile.